Pima Mnara Kwanza, Maifai Baadaye

Muuzaji wa Kariakoo atakuambia maifai hii ni ya 4G, ina kasi ya 150, na inakubali laini zote. Huenda yote matatu ni kweli, na bado ukifika nayo nyumbani, huko pembezoni ambako faiba haijafika, ikashika 3G tu. “Inakubali laini zote” maana yake ni kwamba haijafungwa kwa kampuni moja ya simu. Kama inasikia masafa ya mnara ulio karibu na kwako, hilo ni jambo jingine kabisa.

4G hurushwa kwa masafa mbalimbali, na kila fungu lina namba yake. Band 3 ni megahezi 1800, Band 20 ni 800 na Band 28 ni 700. Masafa ya chini husafiri mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi, kwa hiyo mwenye nyumba iliyo mbali na mnara mara nyingi hubaki na 700 au 800 peke yake. Sasa itazame TP-Link M7350, ambayo ni maifai ya kawaida madukani. Upande wa 4G inasikia 800, 900, 1800, 2100 na 2600, lakini 700 haimo. Kama nyumbani kwako kinachofika ndani ni Band 28 tu, kifaa hicho kizuri hakitakufaa. Zilizoletwa na ndugu kutoka Marekani zikaguliwe zaidi, kwani baadhi zimetengenezwa kwa ajili ya Band 2, 4, 12, 13 na 17, ambazo si za minara yetu.

Kwa hiyo anza na simu. Azima laini za kampuni mbili au tatu, uzitie moja moja kwenye simu ya 4G ukiwa ndani ya nyumba. Kwenye simu nyingi za Android, piga

```
*#*#4636#*#*
```

kisha ufungue taarifa za simu. Kwenye iPhone piga

```
*3001#12345#*
```

Tafuta RSRP, namba yenye alama ya kutoa. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu: -85 ni nzuri sana, -100 inatosha, -115 itakusumbua. Vijiti vya juu ya kioo visikudanganye, maana kila mtengenezaji huvihesabu anavyopenda. Programu ya bure kama Network Cell Info Lite itakuonyesha pia namba ya Band. Ila kumbuka simu huonyesha masafa inayoyajua yenyewe tu. Isiyo na Band 28 haiwezi kukuambia kama ipo.

Tuseme sebuleni, chini ya bati na kati ya kuta za tofali, umepata -113. Unasogea dirisha linalotazama mnara, inakuwa -98. Hapo ndipo maifai itakapokaa, hata kama wenyeji wangependa ikae kando ya televisheni. Nunua waya mrefu wa chaji uifikishe. Wai-fai yake iweke kwenye gigahezi 2.4, inayopita kuta kuliko 5. Kama hata dirishani namba haipandi juu ya -110, tafuta kifaa chenye tundu la antena ya nje, au achana na cha mfukoni ununue ruta kubwa ya nyumbani.

Pima tena saa mbili usiku, kisha saa kumi alfajiri. Ikiwa RSRP haijabadilika lakini kasi ya alfajiri ni mara kadhaa ya ile ya usiku, mnara umezidiwa na watu. Hakuna maifai itakayolitibu hilo. Jaribu kampuni nyingine. Ndiyo maana pia sioni sababu ya kulipia zaidi kifaa kilichoandikwa 300. Hiyo 150 yenyewe huhitaji megahezi 20 kamili za mnara, na mnara wenye 10 huishia karibu 75, tena ukiwa peke yako. Ile 300 ina maana pale tu mnara unapounganisha mafungu mawili ya masafa.

Faida halisi ya cha mfukoni ni betri, kwani umeme ukikatika intaneti inaendelea kwa saa kadhaa. Lakini betri hiyohiyo ikiachwa kwenye chaji mchana na usiku, dirishani penye jua, huvimba. Ukiona mfuniko wa nyuma umeinuka, itoe na usiitumie tena. Baadhi ya vifaa hufanya kazi kwa umeme tu bila betri, vingine hukataa kuwaka. Mwombe muuzaji atoe betri na achomeke chaji mbele yako, kisha atie laini yako na kufungua ukurasa wa mipangilio wa kifaa. Masafa kinachoyajua huandikwa kwenye maelezo ya modeli, na herufi zinazofuata namba ya modeli huwa na maana: vifaa viwili vyenye jina moja vinaweza kutofautiana Band. Asiyekubali kukionyesha kikiwaka, nenda duka la pili.