Kwa Nini Betri ya Gari la Umeme Hupungukiwa na Uwezo?

Mwanzoni mwa mwaka 2011 wakazi kadhaa wa jimbo la Arizona, nchini Marekani, walinunua gari jipya la umeme liitwalo Nissan Leaf. Kufikia majira ya joto ya mwaka 2012, baadhi yao waliona kwamba magari yao hayakuweza tena kusafiri umbali yaliyousafiri yalipokuwa mapya. Magari ya namna hiyohiyo yaliyokuwa katika majimbo ya baridi hayakupatwa na upungufu wa kiasi hicho. Betri zilikuwa za aina moja. Kilichotofautiana sana ni joto la mahali zilipokaa. Tofauti hiyo yatufungulia mlango wa kuelewa jinsi betri inavyozeeka.

Afya ya betri ni nini?

Kwanza yafaa tutenganishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. Chaji ni kiasi cha umeme kilichomo katika betri kwa wakati huu. Uwezo ni kiasi kikubwa kabisa ambacho betri hiyo yaweza kuchukua. Mtungi uliotiwa mawe ndani yake waweza kujazwa maji hadi ukingoni, nasi tukasema umejaa, ingawa maji yaliyomo ni machache kuliko zamani. Vivyo hivyo, betri iliyozeeka huonyesha chaji ya asilimia 100 kila ijazwapo, hali uwezo wake umepungua.

Asilimia ya afya, ambayo katika vyombo vya kupimia huandikwa SOH, ni uwezo wa sasa ukigawanywa kwa uwezo wa betri ilipokuwa mpya, kisha jibu likazidishwa kwa 100.

Lithiamu inakonaswa

Betri ya gari hili ina elektrodi mbili. Elektrodi hasi ni ya grafiti, na katika Leaf za kwanza elektrodi chanya ilikuwa hasa ya oksidi ya manganizi yenye lithiamu. Kati yao mna kimiminika kiitwacho elektroliti. Betri inapochajiwa, ioni za lithiamu hutoka katika elektrodi chanya, hupita katika elektroliti na kuingia baina ya matabaka ya grafiti. Betri inapotumika, ioni hizo hurudi zilikotoka. Uwezo wa betri, basi, hutegemea idadi ya ioni zilizo huru kwenda na kurudi.

Lakini elektroliti haiwezi kukaa kwa amani kando ya grafiti iliyojaa lithiamu. Hutengana kikemia, na mabaki yake, yakiungana na baadhi ya lithiamu, hufanya utando mwembamba juu ya grafiti. Utando huu huanza kuundwa kiwandani, betri inapochajiwa kwa mara ya kwanza, nao una faida kubwa: hupitisha ioni lakini huizuia elektroliti isiendelee kuharibika ovyo. Hata hivyo kizuizi hicho si kamili. Utando huendelea kunenepa polepole, na kila unaponenepa hunasa lithiamu nyingine.

Twaweza kuufananisha na ukoko wa wali. Wali ulioganda chini ya sufuria haujatoweka, ila haumo tena katika ule unaopakuliwa. Na moto ukizidi, ukoko huwa mnene zaidi. Hivyo ndivyo ilivyo lithiamu iliyonaswa: imo bado ndani ya betri, lakini haifanyi kazi tena.

Kwa kuwa utando wenyewe hupunguza mwendo wa mmenyuko, unene wake huongezeka takriban kwa kadiri ya kipeuo cha pili cha muda. Tuseme betri imepoteza asilimia 6 katika mwaka wa kwanza. Baada ya miaka 4, kipeuo cha pili cha 4 kikiwa ni 2, upungufu utokanao na utando utakuwa karibu asilimia 12, wala si 24. Ndiyo maana betri nyingi hushuka upesi mwanzoni, kisha hushuka taratibu.

Joto, chaji na safari

Menyuko ya kikemia huenda kasi joto linapopanda, na kunenepa kwa utando ni mojawapo. Leaf haikuwa na mtambo wa kuipoza betri kwa kimiminika. Ilitegemea hewa ya nje tu. Katika mji kama Phoenix, ambako joto la kiangazi hupita nyuzi 40 za Sentigredi, betri ilipata joto hata gari lilipokuwa limeegeshwa. Joto hilo huyeyusha pia manganizi kidogo kutoka katika elektrodi chanya, nayo ifikapo kwenye grafiti huuchochea utando uzidi kukua.

Kiasi cha chaji nacho kina athari. Kadiri grafiti inavyojaa lithiamu, ndivyo inavyozidi kuishambulia elektroliti. Kwa hiyo gari linaloachwa juani siku nyingi likiwa limejaa kabisa huzeeka kuliko lililoachwa kivulini na nusu ya chaji.

Safari zenyewe huongeza uchakavu wa namna nyingine. Grafiti huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi inapopokea lithiamu, kisha husinyaa. Utando hupasuka hapa na pale, grafiti isiyofunikwa hujitokeza, na utando mpya huundwa kwa kunasa lithiamu zaidi.

Hesabu ya betri moja

Betri ya Leaf ya mwaka 2011 ilikuwa na uwezo wa kilowati-saa 24, sawa na ampea-saa 66 hivi. Tuchukue mfano wa gari kuukuu la namna hiyo. Tunalichaji kutoka asilimia 20 hadi asilimia 80, na chombo cha kupimia kinahesabu ampea-saa 28.5 zilizoingia. Hizo ni asilimia 60 ya uwezo wa sasa. Uwezo wote, basi, ni 28.5 ÷ 0.6, yaani ampea-saa 47.5. Tukigawanya 47.5 kwa 66 twapata 0.72. Afya ya betri ni asilimia 72.

Ikiwa gari linatumia kilowati-saa 15 kwa kila kilomita 100, lilipokuwa jipya lingeweza kwenda kilomita 160. Sasa litakwenda kama kilomita 115. Hiyo ndiyo maana halisi ya asilimia 72. Haisemi kwamba betri imebakiwa na asilimia 72 ya miaka yake, wala kwamba asilimia 28 ya seli zake zimekufa.

Dashibodi ya gari hilo haiandiki asilimia hiyo, bali huonyesha vijistari 12. Hapa mnunuzi na awe macho. Kijistari cha kwanza huzimika baada ya kupotea asilimia 15 hivi, na kila kinachofuata baada ya asilimia 6 na kidogo. Gari linaloonyesha vijistari vyote 12 laweza kuwa na afya ya asilimia 86 tu. Gari letu la mfano lingeonyesha 9.

Asilimia ya afya yenyewe ni makadirio ya kompyuta ya gari, na kosa dogo katika kukisia chaji huingia katika jibu. Isitoshe, betri hii ina jozi 96 za seli zilizounganishwa kwa mfululizo. Mkondo uleule hupita katika zote, hivyo jozi dhaifu kuliko zote ikiisha, safari imekwisha. Magari ya aina hii yaliyotumika Japani yamefika hata Kenya. Anayelikagua moja na apime asilimia ya afya baada ya kulichaji kikamilifu, kisha alinganishe volteji za jozi zote chaji inapokaribia kwisha. Jozi moja ikishuka mbali chini ya wenzake, asilimia iliyoandikwa imeficha udhaifu wake.