Herufi za Ubaoni na za Karatasini

Ujerumani ina mitindo kadhaa ya kuunga herufi shuleni. Ule wa 1953 una mapambo mengi. Ule wa 1968, uliotoka Ujerumani Mashariki, umerahisisha hasa herufi kubwa. Mwalimu hufundisha mmoja, na karatasi za mazoezi lazima ziufuate, la sivyo mtoto ataona maumbo mawili ya herufi moja.

Fonti zipo: Playwrite DE LA kwa mtindo wa kwanza, Playwrite DE SAS kwa wa pili. Tanzania nayo ina Playwrite TZ.

Kabla ya kuchapa, ajaribu neno kama Brot. Herufi o huungana na t kwa mstari wa juu, na hapo ndipo kasoro huonekana. Mstari ukikatika katika Word, awashe Use Contextual Alternates, kisha ahakikishe nafasi kati ya herufi haikuongezwa.