Majina Yaliyomo Ndani ya Kidonge

Tarehe 7 Desemba 2015, bibi wa miaka 84 aliketi mbele ya hadhira katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, akaanza kusoma kwa Kichina. Alikuwa Tu Youyou, na siku tatu baadaye angepokea Tuzo ya Nobeli ya Tiba kwa kuongoza kikundi kilichogundua artemisinini, dawa ambayo kwetu imo ndani ya kila dozi ya dawa mseto ya malaria. Alieleza kazi yao tangu mwanzo, kisha akafika kwenye shukrani. Zilikuwa fupi. Aliwashukuru wenzake wa Chuo cha Tiba ya Asili ya Kichina cha Beijing, halafu akataja taasisi moja baada ya nyingine: ya mkoa wa Shandong, ya Yunnan, ya Fizikia ya Viumbe, ya Kemia ya Shanghai, Chuo Kikuu cha Tiba ya Kichina cha Guangzhou, na Chuo cha Tiba cha Jeshi.

Anayezisikia kwa mara ya kwanza huenda akadhani ni orodha ya heshima tu, kama ile ya mgeni rasmi na waheshimiwa wote mliohudhuria. Mimi nimezisoma mara nyingi na naziona vingine. Kila taasisi aliyoitaja ilishika kazi ambayo Tu mwenyewe hakuifanya, na ukiijua kazi hiyo unaweza kuonyesha kwa kidole mahali pake ndani ya kidonge.

Mambo yalianza vitani. Katika miaka ya 1960 askari wa Vietnam ya Kaskazini walikuwa wakiugua malaria iliyokwisha kuizoea klorokwini, na serikali yao ikaomba msaada China. Tarehe 23 Mei 1967 ukaanzishwa mradi wa siri ulioitwa kwa tarehe yake, Mradi 523. Tu aliingizwa mwaka 1969, akapewa kikundi kidogo cha kuchunguza dawa za asili. Walikusanya tiba zaidi ya 2,000 kutoka vitabu vya kale na kwa waganga, wakazichambua, wakaanza kuwajaribia panya walioambukizwa vimelea.

Mmea wa artemisia uliwasumbua. Safari moja dondoo lake lilizuia sehemu kubwa ya vimelea, safari nyingine likazuia vichache mno, na hakuna aliyejua kwa nini. Tu akarudi kwenye vitabu. Katika kitabu cha tabibu Ge Hong, aliyeishi karne ya 4, alikuta maelekezo ya kuloweka konzi ya artemisia ndani ya maji, kuikamua na kunywa maji yake. Kilichomshtua ni kile ambacho hakikuwemo: Ge Hong hakusema uchemshe. Karibu dawa zote za mitishamba walizokuwa wakizitengeneza zilipitia motoni. Je, moto ndio uliokuwa ukiua dawa?

Ndivyo ilivyokuwa. Nguvu ya artemisinini imo katika daraja la atomu mbili za oksijeni zilizoshikana ndani ya molekuli. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu, na humo hubaki chuma. Chuma hicho kikikutana na daraja lile hulivunja, na vipande vinavyotoka humwunguza kimelea kutoka ndani. Lakini daraja linaloweza kuvunjika ndani ya kimelea linaweza kuvunjika jikoni pia, ukilipa joto la kutosha. Tu akaacha maji yanayochemka na spiriti ya moto, akachukua etha, kimiminika kinachochemka kwenye nyuzi joto 35 tu. Kisha wakatenga sehemu yenye asidi ya dondoo, iliyokuwa na sumu na haina faida, wakabaki na ile isiyo na asidi. Tarehe 4 Oktoba 1971, sampuli namba 191 ilizuia vimelea vyote katika panya. Baadaye ikafanya vivyo hivyo kwa kima.

Hapa ndipo masimulizi mengi hukomea, na hapa ndipo mtu mmoja angeweza kusema kwa haki, nimegundua. Lakini sampuli namba 191 haikuwa dawa bado. Ilikuwa uji mzito uliochanganyika, na ulihitajika mwingi ili kumjaribia binadamu. Viwanda vya dawa vilikuwa vimesimama kwa sababu ya Mapinduzi ya Utamaduni. Kikundi kikachukua mapipa makubwa ya maji ya nyumbani, kikaloweka majani ndani ya etha katika vyumba visivyopitisha hewa vizuri. Watu wakapata kizunguzungu, wakatokwa damu puani, wakavimba ngozi. Tu mwenyewe aliugua ini. Majira ya malaria yalikuwa yanawapita, na baadhi ya majaribio ya wanyama yalionyesha dalili za sumu zisizoeleweka. Ili wasipoteze mwaka mzima, Julai 1972 Tu na wenzake wawili waliingia hospitalini Beijing, wakaimeza dawa wenyewe chini ya uangalizi. Baadaye wengine watano wakafuata. Hakuna aliyedhurika. Kuanzia Agosti wagonjwa 21 wakatibiwa kisiwani Hainan, na homa zikashuka.

Kuna jambo moja la mwaka 1973 ambalo wasimulizi wengi hulipita, nami naliona lina uzito. Wakati huo kikundi kilikuwa kimekwisha kupata dawa halisi katika umbo la fuwele. Aliyeitenga, Novemba 1972, ni Zhong Yurong, mwenzake Tu wa maabara. Fuwele zikatengenezwa vidonge, vikapelekwa Hainan, na matokeo yakawa mabaya. Baada ya yote yaliyopita, ingekuwa rahisi kuamini kwamba fuwele hazikuwa zenyewe, kwamba wametenga kitu kingine. Walivichunguza vidonge wakakuta vigumu mno: vilikuwa havisagiki, basi vilipita tumboni kama kokoto. Wakajaza dawa ileile kwenye kapsuli, wakairudisha Hainan, na wagonjwa wakapona. Dawa haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la ufundi wa kidonge.

Sasa orodha ya Stockholm inaanza kueleweka. Huko Yunnan, Luo Zeyuan alikuwa ameitenga artemisinini kwa njia yake kutoka kwa artemisia ya kwao, na huko Shandong Wei Zhenxing naye vilevile. Jambo hili halikuwa la kurudia kazi bure. Artemisia ya kandokando ya Beijing ilikuwa na dawa kidogo sana. Ya kusini-magharibi ilikuwa nayo nyingi, majanini tu, na hasa kabla ya mmea kutoa maua. Bila majani yale, dawa ingebaki kitu cha maabara. Kisha Li Guoqiao wa Guangzhou aliichukua dawa ya Yunnan akawapa wagonjwa waliokuwa wamezimia kwa malaria iliyopanda kichwani, ambao kwao kila saa ina thamani, akaonyesha kwamba inafanya kazi haraka kuliko dawa yoyote iliyokuwapo. Wanakemia wa Shanghai na wanafizikia wa Beijing, kwa miale ya eksirei, wakalionyesha lile daraja la oksijeni mahali lilipo. Kazi hiyo ilikamilika mwaka 1975.

Walipoichapisha, mwaka 1977, hawakuandika jina la mtu hata mmoja. Mwandishi alikuwa kikundi cha ushirikiano wa utafiti wa artemisinini, basi. Ndiyo iliyokuwa desturi ya China wakati ule: kazi ni ya umma, na kujitaja ni kujikweza. Desturi hiyo ilikuwa na uzuri wake, lakini ilizaa tatizo ambalo halikutazamiwa. Mwaka 2005 wanasayansi wawili wa Marekani, Louis Miller na Xinzhuan Su, wakiwa kwenye mkutano Shanghai, waliuliza ni nani aliyegundua artemisinini. Hakuna aliyeweza kuwajibu. Ikabidi wachimbe barua, daftari na kumbukumbu za mikutano ya siri, na humo ndimo jina la Tu lilipojitokeza: yeye ndiye aliyeileta artemisia mbele ya mradi ikiwa na matokeo kamili, na ndiye aliyeongoza jaribio la kwanza kwa watu.

Alipopewa Tuzo ya Lasker mwaka 2011, peke yake, baadhi ya wenzake wa zamani walilalamika. Naelewa uchungu wao. Mtu aliyekesha miaka kumi kwenye mradi usio na majina, kisha akaona jina moja tu likipanda jukwaani, ana haki ya kuuliza lake liko wapi. Ndiyo maana shukrani za 2015 zinanigusa. Kiongozi aliyelaumiwa kwa kubeba sifa za wengi angeweza kujitetea, au kushukuru kwa jumla kama ilivyokuwa mwaka 1977, na kwa hiyo asimpe mtu yeyote chochote. Tu alikwenda kati ya hayo mawili. Katika mhadhara ule alisema wazi hatua zipi zilikuwa za kikundi chake, kwa tarehe, kisha akataja taasisi nyingine moja moja. Shukrani ya namna hiyo inaweza kupimwa. Ukiwa na shaka, unaweza kwenda Yunnan ukauliza walifanya nini mwaka 1973.

Hata hivyo shukrani hiyo haikukamilika, kwa maana alitaja taasisi nyingi na watu wachache. Li Ying wa Taasisi ya Dawa ya Shanghai ndiye aliyeibadili artemisinini kuwa artemetha, ambayo ndiyo tunayoimeza. Na nyuma ya neno moja, Chuo cha Tiba cha Jeshi, kuna Deng Rongxian aliyeunda lumefantrini, na Zhou Yiqing aliyeongoza kazi ya kuziunganisha dawa hizo mbili.

Muungano huo ndio ALu, iliyoingia kwenye matibabu ya kawaida ya Tanzania na Kenya miaka ya 2006 na 2007. Kila kidonge kina miligramu 20 za artemetha na 120 za lumefantrini. Mtu mzima humeza vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu. Dozi ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na vizuri ale kitu chenye mafuta, hata maziwa au karanga, kwa sababu lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Artemetha huanguka juu ya vimelea kwa kishindo, lakini baada ya saa chache imekwisha mwilini. Ndiyo inayofanya homa ishuke siku ya pili na mgonjwa ajione mzima, akashawishika kuviweka vilivyobaki kabatini.

Katika mhadhara uleule Tu alionya kuhusu vimelea vinavyoanza kuizoea artemisinini kandokando ya mto Mekong. Tangu hapo vimelea vyenye mabadiliko ya namna hiyo vimepatikana Rwanda na Uganda pia: dawa inavifyeka polepole zaidi, na vinavyosalia ni vingi zaidi. Baada ya dozi ya mwisho, homa ikiwa imeshatulia na kazi ya Zhong, Luo na Li Ying imemalizika, vilivyobaki kwenye damu vinaachiwa lumefantrini, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa. Hapo zamu ni ya Deng na Zhou.