Kabla ya Kuomba Pesa za Washauri wa Vijijini Nyeri

Mwambie mtu wa Nyeri kwamba jirani yake amelazwa Mathari, na huenda akakuuliza kama amevunjika mguu. Mathari anayoijua yeye ni hospitali ya misheni ya Consolata, nje kidogo ya mji. Kwingine nchini, jina hilohilo humfanya mtu ashushe sauti, kwa kuwa Mathari inayojulikana huko ni ya Nairobi, hospitali ya magonjwa ya akili, kilomita 150 hivi kutoka Nyeri. Sasa yuko mama wa Mathira asiyepata usingizi kwa mawazo. Hana jeraha la kuonyesha katika Mathari ya kwanza, na hakubali hata kufikiriwa kwamba anafaa kupelekwa katika ya pili.

Mama huyo ndiye anayelengwa na miradi ya kugawana kazi ya ushauri nasaha. Mtu asiye daktari wala mwanasaikolojia, anayeishi jirani, hufundishwa mbinu chache zilizopimwa, kisha mtaalamu akabaki nyuma yake. Vikundi vingi katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina hadi Nanyuki na Embu, vinaweza kuendesha kazi hiyo. Kinachovikwamisha mara nyingi ni kurasa mbili za andiko la kuomba ufadhili, zile zinazoeleza kwa nini mradi ufanywe.

Kurasa hizo kwa kawaida huanza na uchache wa madaktari wa akili na kuishia papo hapo. Uchache huo ni wa kweli, lakini haujibu swali la mfadhili. Uhaba wa madereva hauhalalishi kumpa utingo usukani. Inabidi ionyeshwe kwamba mtu wa kawaida, akifundishwa, anaweza kazi hii, tena kwa shida zilezile zinazopatikana kwetu.

Ushahidi upo, na wa karibu zaidi ni wa Kenya. Pembezoni mwa Nairobi, huko Dagoretti, wanawake 421 wenye dalili za msongo, wengi wao wakiwa wamewahi kudhulumiwa kijinsia, waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Kundi moja lilielekezwa kwa wauguzi wa vituo vya afya. La pili lilishauriwa na wahudumu wa afya ya jamii kwa utaratibu wa Shirika la Afya Duniani: vikao vitano, kimoja kila wiki, kila kimoja dakika 90. Mshauri alimfundisha mwenzake kupumua taratibu ili mwili utulie, kuchagua tatizo moja linaloweza kushughulikiwa na kulivunja vipande, kurudia shughuli alizoziacha, na kutafuta watu wa kumshika mkono. Miezi mitatu baadaye, waliopitia kwa wahudumu wale walikuwa na nafuu kubwa kuliko wenzao. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017.

Andiko la Nyeri likiishia hapo litakuwa limejenga nusu ya nyumba. Waliopimwa Dagoretti walikuwa wanawake, ilhali ukiuliza vijijini mwetu shida ni nini, jibu la kwanza huwa pombe na vijana wa kiume. Februari 2024, watu wasiopungua 17 walikufa baada ya kunywa pombe haramu katika kijiji cha Kangai, Kirinyaga. Vikao vile vitano havikutungwa kwa ajili ya mtu aliyezama katika ulevi, na mfadhili anayeijua kazi hii ataliona pengo hilo mara moja. Kwa wanywaji, ushahidi utolewe Eldoret. Huko wagonjwa 614 wa virusi vya ukimwi waliokuwa wakinywa walishiriki katika utafiti wa mafunzo ya kikundi ya vikao sita vilivyoongozwa na watu wasio wataalamu wa saikolojia, na waliopata mafunzo ya kuacha pombe walipunguza siku za kunywa kuliko wenzao waliofundishwa mambo ya afya kwa jumla. Hata hivyo, mtu anayetetemeka asubuhi asipopata kinywaji hafai kuachiwa mshauri wa kijiji, kwa maana kuacha ghafla kunaweza kumuua. Huyo ni wa hospitali. Mimi ningeshauri andiko lichague: lianze na wenye mawazo mazito, wanawake kwa wanaume, na liseme wazi kwamba walevi wa kupindukia watapelekwa kwingine, na kwingine huko ni wapi.

Jambo la pili ni saa. Tangu Septemba 2023 kila mhudumu wa afya ya jamii amekabidhiwa nyumba zipatazo 100, na posho yake ni shilingi 5,000 kwa mwezi, zikichangwa nusu kwa nusu na serikali kuu na kaunti. Tuchukulie kwamba wahudumu 20 wa Mathira wanaingia mradini. Mtu mmoja akimaliza vikao vitano amechukua saa saba na nusu, bila kuhesabu mwendo. Mhudumu akiwa na watu wawili kwa wakati mmoja, hizo ni saa tatu kila wiki, juu ya kupima presha na kufuatilia chanjo. Kwa mwaka, ukitoa likizo, mvua na wiki za kuchuma chai, atamaliza mizunguko minane hivi, yaani watu 16. Wote 20 watafikisha watu 320. Andiko linaloahidi watu 5,000 kwa wahudumu haohao limeandikwa na mtu ambaye hakupiga hesabu, na saa hizo tatu zisipolipiwa, kufikia mwezi wa nne vikao vya dakika 90 vitakuwa vya dakika 20.

Kisha kuna maneno. Dodoso linalotumika sana, PHQ-9, lina maswali tisa, na mtu akipata alama 10 au zaidi kati ya 27 huchukuliwa kuwa na dalili za kutosha za sonona. Kwa Kiswahili lipo. Lakini mama wa Mathira atazungumza Kikuyu, na kama kila mhudumu atatafsiri papo kwa papo, alama 20 zitakuwa za madodoso 20. Waliofanya kazi kama hii Harare walianza na neno ambalo watu wenyewe hutumia, kufungisisa, kufikiri kupita kiasi. Kwetu husemwa meciria maingi, mawazo mengi. Tafsiri ikubaliwe mezani kabla ya siku ya kwanza.

Swali la tisa ndilo zito, linalouliza kama mtu amewaza ni heri afe. Hadi tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotangaza kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni za Adhabu kinakiuka katiba, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai. Watu waliofundishwa na sheria kuficha jibu hawatalifichua kirahisi, tena mbele ya jirani wanayekaa naye chama kimoja na kanisa moja. Kwa hiyo mshauriwa awe na haki ya kumchagua mhudumu wa kijiji kingine, na mhudumu anayesikia jibu la ndiyo ajue jioni hiyo ampigie nani simu.

Anayepigiwa simu ndiye msimamizi, na hapo ndipo bajeti nyingi huwa tupu. Mhudumu aliyeachwa peke yake hurudi polepole kwenye mazoea: badala ya kumsaidia mama avunje tatizo vipande, anamwambia asali zaidi au amvumilie mume. Hakuna fomu itakayolionyesha hilo, kwani fomu itasema kikao kilifanyika. Linaonekana wahudumu wanapoketi pamoja kila wiki, mmoja akaigiza mshauriwa na mwingine akamshauri, msimamizi akisikiliza kama anauliza au anahubiri. Muuguzi wa akili kutoka mjini Nyeri atahitaji nauli ya kwenda Karatina na kurudi, siku yake moja ya kazi kila wiki, chumba chenye mlango unaofungwa na simu yenye salio usiku. Fungu hilo likikatwa ili mafunzo ya hotelini yaongezwe siku mbili, ningelirudisha andiko kwa walioliandika.