Gia ya Mwisho Inazunguka Upande Gani?

Kwenye karatasi ya mtihani kuna gia tano zilizopangwa kwa mstari, meno yake yameshikana. Ya kwanza imechorwa mshale: inazunguka kisaa, yaani jinsi mishale ya saa inavyokwenda. Je, ya tano inazunguka upande gani? Maswali ya jamii hii yalienea baada ya mwaka 1940, George Bennett alipotoa huko Marekani mtihani wake wa uelewa wa mitambo, na jeshi la nchi hiyo bado linayauliza kwa wanaoomba kujiunga nalo.

Aliyejiandaa hahangaiki. Anahesabu tu: gia zikiwa witiri, ya kwanza na ya mwisho huzunguka upande mmoja, zikiwa shufwa, hupingana. Tano ni witiri, kwa hiyo ya mwisho inakwenda kisaa. Jibu ni sahihi.

Watunga mitihani nao wanaijua kanuni hiyo, na ndiyo maana hawaishii kwenye mstari wa gia. Huingiza mkanda, mnyororo au kamba, na hapo anayehesabu tu huanza kupotea. Afadhali kujua kanuni yenyewe inatoka wapi. Gia mbili zinaposhikana, meno yake pale yanapokutana hulazimika kwenda pamoja, kwa kuwa moja linasukuma jingine. Gia ya kushoto ikizunguka kisaa, ubavu wake wa kulia unashuka. Unalishusha pia jino la jirani, ambalo liko kwenye ubavu wa kushoto wa gia yake. Gia ambayo ubavu wake wa kushoto unashuka haina njia nyingine: inazunguka kinyumesaa.

Mnyororo wa baiskeli ni mambo mengine. Hapo meno ya gia mbili hayagusani. Upande wa juu wa mnyororo unavuta gia zote mbili kuelekea mbele, nazo huzunguka upande mmoja. Mkanda wa kawaida kwenye puli hufanya vivyo hivyo. Mkanda ukipishanishwa katikati mpaka ukachora umbo la namba nane, puli ya pili inageuka kinyume na ya kwanza.

Chukua swali moja refu. Gia A ina meno 10, inazunguka kisaa mara 60 kwa dakika. Imeshikana na B yenye meno 20, na B imeshikana na C yenye meno 30. Puli D imefungwa kwenye shafti moja na C, na mkanda uliopishanishwa unatoka D kwenda puli E yenye kipenyo kilekile. Kamba imezungushiwa E na inaning'inia upande wa kulia, ikiwa na ndoo. Ndoo inapanda au inashuka?

A inakwenda kisaa, B kinyumesaa, C kisaa. D iko shafti moja na C, kwa hiyo nayo ni kisaa. Aliyeihesabu kama gia ya nne amekwisha kosea. Mkanda uliopishana unaigeuza E kuwa kinyumesaa. Kitu kinachozunguka kinyumesaa ubavu wake wa kulia hupanda, basi ndoo inapanda. Kamba ingechorwa upande wa kushoto, ndoo ingeshuka, bila mshale hata mmoja kubadilika.

Kasi nayo ina mtego wake. Meno 60 × 10, yaani 600, hupita kwa dakika pale A inapokutana na B, na mengine 600 pale B inapokutana na C. C yenye meno 30 itazunguka mara 20. Meno 20 ya B hayakuingia popote kwenye hesabu: B imegeuza mwelekeo tu.

Tuseme sasa kamba hiyo haina ndoo, bali inavuta juu ncha ya kulia ya wenzo. Egemeo likiwa katikati, ncha ya kushoto inashuka. Egemeo likiwa kwenye ncha ya kushoto kabisa na mzigo ukiwa katikati, kama kwenye toroli, mzigo unapanda pamoja na ncha inayovutwa. Kwa hiyo jicho litafute egemeo kwanza.

Mwaka 1992 mtafiti Mary Hegarty alionyesha kwamba watu wanaotazama michoro ya kapi na kamba hawauoni mtambo wote ukicheza kwa pamoja kichwani. Huufuata kipande kwa kipande tangu pale kamba inapovutwa, na kadiri kipande kilivyo mbali na hapo, ndivyo wanavyochelewa na kukosea zaidi. Penseli inasaidia: mshale mmoja kwenye kila mguso, kisha kwenda mbele.

Njia hiyo ndiyo inayofichua swali gumu kuliko yote, la gia tatu zilizopangwa pembetatu, kila moja imeshikana na wenzake wawili. A ni kisaa, B ni kinyumesaa. C inasukumwa na B iende kisaa, na papo hapo A inaisukuma iende kinyumesaa. Jibu lake mara nyingi huwekwa mwisho kwenye orodha ya machaguo: hakuna gia inayozunguka.