Saa nane za laivu lokesheni

Dada aliyechelewa kazini Kariakoo anapanda bodaboda saa 3 usiku kwenda kwake Mbagala. Kabla ya kupanda, anamtumia mama yake laivu lokesheni kwenye WhatsApp. Simu inamuuliza muda: dakika 15, saa 1 au saa 8. Dakika 15 anaona hazitoshi, na kwa kuwa ana haraka, anagusa saa 8. Anafika salama, anaoga, analala. Mpaka saa 11 alfajiri, simu yake bado inaonyesha alipo.

Kwa mama hilo halina ubaya. Lakini wengi hawatumi kwa mama peke yake. Wanatuma kwenye grupu. Hapo ndipo ninapoomba tutulie kidogo, maana lokesheni iliyotumwa kwenye grupu inaonekana na kila aliyemo. Grupu la kamati ya harusi lina wajomba na mashangazi, sawa, lakini lina pia fundi wa mapambo, mpiga picha, na namba ambazo hakuna anayekumbuka ziliingizwa na nani. Wote hao wanaweza kufungua ramani na kuona njia unayopita, kisha nyumba unayoingia. Asiyekuwemo kwenye chati hiyo haoni kitu, na WhatsApp yenyewe inasema haioni, kwa kuwa ujumbe umefungwa kwa usimbaji kutoka simu hadi simu. Usimbaji huo, hata hivyo, haumzuii mwanagrupu kupiga picha kioo cha simu yake.

Basi mtumie mtu mmoja au wawili mnaoaminiana. Fungua chati yake, gusa alama ya kibanio (kwenye aifoni ni alama ya kujumlisha), chagua Location, halafu Share live location. Iliyo jirani yake, Send your current location, ni kitu kingine: hiyo hutuma mahali ulipo wakati huo tu, na haikufuati ukiondoka. Kwa mgeni anayeulizia nyumba yako, hiyo ya pili inatosha kabisa.

Muda uchague kwa kupima safari. Kwa bodaboda ya mjini, saa 1 inatosha, na foleni ikizidi unatuma upya. Safari ndefu ina tatizo la kinyume. Anayeondoka na basi Mbezi saa 12 asubuhi akachagua saa 8, muda wake unakwisha saa 8 mchana. Basi likiharibika njiani, lokesheni itakoma abiria akiwa bado barabarani, na nyumbani wataanza kupiga simu huku na huku kwa hofu. Waambie mapema itakoma saa ngapi, na ikikaribia kukoma uwatumie nyingine.

Hofu nyingine huletwa na alama iliyoganda. Mama anaona mwanawe amesimama sehemu moja nusu saa nzima, moyo unamwenda mbio. Atazame kwanza ule muda ulioandikwa chini ya jina, unaoeleza lokesheni ilisasishwa lini. Ikiwa ni dakika nyingi zilizopita, maana yake simu haijatuma kitu tangu hapo: bando limekwisha, chaji imekwisha, au mtandao umekatika. Ramani inaonyesha pale simu iliposikika mara ya mwisho, na huenda mwenyewe ameshapita mbali. Ikiwa imesasishwa sasa hivi na bado iko palepale, basi kweli simu imesimama, na hapo ni haki kupiga.

Kuzima ni rahisi. Rudi kwenye ule ujumbe wa ramani, gusa Stop sharing. Ila ukumbuke kwamba kuzima kwenye chati moja hakuzimi kwenye nyingine. Kama ulimtumia mama na pia grupu, ingia Settings, kisha Privacy, kisha Live location. Hapo utaona chati zote ambazo bado zinakufuata, na utazisimamisha. Ukurasa huohuo uutazame pia kama simu yako hushikwa na mtu mwingine, mume, mke au rafiki, kwa sababu aliyeifungua simu yako anaweza kujitumia lokesheni yako bila kukuuliza.

Jambo la mwisho wengi hawalijui. Ukishazima, au muda ukiisha, kwenye chati hubaki picha ndogo ya mahali ulipoanzia, na mwenye kuigusa anaweza kuonyeshwa mahali pako pa mwisho kuonekana. Aliyezima akiwa mlangoni kwake ameacha mlango wake kwenye simu za watu. Kwa hiyo kama ulilazimika kutuma kwenye grupu kubwa, zima ukiwa bado kituoni au barabara kuu, kabla hujakata kona ya kwenda nyumbani.