Mzingo Usio na Mwisho Ndani ya Duara Moja

Mtu akitandika karatasi ya manila mezani na kuchora pembetatu yenye pande tatu sawa, kila upande sentimita 27, mzingo wake utakuwa sentimita 81. Hapo hakuna la ajabu. Ajabu huanza anapougawa kila upande katika vipande vitatu vya sentimita 9, akasimamisha pembetatu ndogo juu ya kipande cha katikati, ncha ikitazama nje, kisha akakifuta kile kipande kilichokuwa kitako chake. Pembetatu inageuka nyota yenye ncha sita. Akirudia kazi ileile kwenye kila upande wa nyota, kingo zinaota meno. Akirudia tena, meno yanaota meno madogo zaidi, na umbo linaanza kufanana na chembe ya theluji.

Kazi hiyo ikiendelezwa bila kukoma, linapatikana umbo ambalo mzingo wake hauna mwisho, ilhali eneo lake linajulikana hadi tarakimu ya mwisho.

Kanuni hii ilitolewa mwaka 1904 na Helge von Koch, mwanahisabati wa Uswidi. Mwaka 1872, Karl Weierstrass wa Ujerumani alikuwa amewaonyesha wenzake mstari usiokatika popote, lakini usio na mahali hata pamoja palipo laini kiasi cha kuegemeza rula na kusema mstari unaelekea upande huu. Uthibitisho wake ulikuwa fomula tupu. Koch hakuridhika. Alitaka mstari wa namna hiyo ambao jicho lingeweza kuona unavyojengwa, hatua kwa hatua, kwa jiometri ya kawaida. Mistari mitatu ya Koch ikiunganishwa ncha kwa ncha, ndiyo chembe ya theluji yenyewe.

Tuanze na mzingo. Katika kila hatua, upande mmoja unaondoka na nafasi yake inachukuliwa na pande nne, kila mmoja ukiwa na urefu wa theluthi ya ule wa awali. Kwa hiyo pande 3 za sentimita 27 zinakuwa pande 12 za sentimita 9, na mzingo unafika sentimita 108. Hatua ya pili inaleta pande 48 za sentimita 3, yaani sentimita 144. Hatua ya tatu ni pande 192 za sentimita moja moja, na jumla ni sentimita 192.

Kila mzingo mpya ni ule uliotangulia mara nne juu ya tatu. Na kitu kinachokua kwa theluthi yake kila mara hakina dari. Mtu akitaja urefu wowote, hata kilometa moja, kuna hatua itakayoupita: kilometa moja hupitwa katika hatua ya 25.

Eneo lina tabia nyingine kabisa. Ili hesabu iwe nyepesi, tutumie kama kipimo pembetatu ndogo ya upande wa sentimita moja, tuiite kigae. Pembetatu ya mwanzo inajaa vigae 729 barabara, kwa kuwa 27 mara 27 ni 729. Hatua ya kwanza inaongeza pembetatu tatu za upande wa sentimita 9, na kila moja inachukua vigae 81. Nyongeza ni vigae 243. Hatua ya pili inaongeza pembetatu 12 zenye vigae 9 kila moja, jumla 108. Hatua ya tatu inaongeza 48 za kigae kimoja kimoja.

Nyongeza hizo, 243, 108, 48 na kuendelea, zina siri moja: kila moja ni sehemu nne za tisa za iliyoitangulia. Idadi ya pembetatu mpya inakua mara nne, lakini ukubwa wa kila moja unapungua mara tisa. Orodha ya aina hii, ambayo kila namba hupatikana kwa kuzidisha iliyotangulia kwa uwiano uleule, ikijumlishwa huitwa mfululizo wa kijiometri, na jumla yake ina njia ya mkato.

Tuseme nyongeza zote kwa pamoja ni J. Sehemu nne za tisa za J ni orodha ileile, isipokuwa imepoteza namba yake ya kwanza: 108, 48 na kuendelea. Tukitoa hiyo kutoka J, mkia wote usio na mwisho unafutana, inabaki 243 peke yake. Basi sehemu tano za tisa za J ni 243, na J ni 437.4. Tukirudisha vigae 729 vya mwanzo, eneo lote ni vigae 1166.4, yaani mara 1.6 ya pembetatu ya kwanza. Hakuna hatua itakayolivuka.

Njia hiyo ya mkato ina sharti: uwiano lazima uwe chini ya moja. Kwenye mzingo uwiano ni nne juu ya tatu, ndiyo maana hesabu ileile haiwezi kuufunga.

Wanafunzi wengi hukosea sehemu mbili. Wengine husahau kufuta kitako cha pembetatu ndogo wakapata mzingo wa 135 badala ya 108. Wengine hukumbuka kwamba pembetatu zinapungua mara tisa, wakasahau kwamba zinaongezeka mara nne, wakaishia na nyongeza ya vigae 273.375. Kosa la pili hugunduliwa kwa kuhesabu kwenye mchoro: hatua ya pili ina pembetatu mpya 12, wala si tatu.

Anayeshuku hesabu anaweza kufunga uzi wa sentimita 15.6 kwenye msumari uliochomekwa katikati ya pembetatu, akazungusha penseli. Duara hilo linagusa ncha zote sita za nyota, na meno yote yatakayoota baadaye yatabaki ndani yake, hata yawe mangapi.

Penseli yenyewe huchoka mapema. Katika hatua ya sita pande zina urefu wa chini ya nusu milimita, na meno yanageuka doa. Katika hatua ya 20 upande mmoja ni mfupi kuliko upana wa atomu, na hapo mzingo umefika takriban mita 255 tu. Mzingo usio na mwisho uko katika hesabu, haupo kwenye karatasi.

Hata hivyo tabia hiyo inaonekana katika vitu halisi. Mwaka 1967, Benoît Mandelbrot aliandika kuhusu urefu wa pwani ya Uingereza, akitumia vipimo vilivyokusanywa na Lewis Fry Richardson. Rula ikifupishwa mara tatu, mstari ulionyooka huhitaji hatua mara tatu zaidi ili kuupima wote. Mstari wa Koch huhitaji mara nne, kwa sababu rula fupi inaingia kwenye meno ambayo ile ndefu iliyaruka. Kwa takwimu za Richardson, pwani ya magharibi ya Uingereza, iliyojaa ghuba na rasi, huhitaji karibu mara 3.95, hatua chache tu nyuma ya Koch. Pwani ya Afrika Kusini, ambayo kwenye ramani inaonekana imelainishwa kwa mkono, huhitaji mara 3.07.